Meseji Ikigoma Kutoka: Anza na Namba ya Kituo, Kisha Salio

Meseji ikikwama kwenye neno "Inatuma", lawama mara nyingi humwangukia mtu asiyehusika. Mtumaji hudhani simu ya mwenzake imezimwa, au yuko mahali mtandao haushiki, au ameamua kumfungia. Anapiga, simu inaita na inapokewa, wanaongea vizuri kabisa. Akikata na kurudi kwenye meseji anaikuta pale pale, na baada ya muda inageuka kuwa nyekundu na maneno ya kumwambia kuwa haikutumwa.

Ukweli ni kwamba maadamu simu yako bado inasema "Inatuma", ile meseji haijamkaribia kabisa unayemwandikia. Simu yake inaweza kuwa imezimwa, imepotea au imetumbukia kisimani, na bado meseji yako ikatoka bila shida. Kutuma ni jambo la pande mbili tu: simu yako na mtandao wako. Kumfikishia mpokeaji ni kazi nyingine, inayofanyika baadaye, bila simu yako kuhusika. Anayeelewa mgawanyo huo anajua pa kutafuta, na sehemu kubwa ya utafutaji huo inaishia kwenye mambo mawili: namba ya kituo cha ujumbe na salio.

Meseji inapitia wapi

Meseji za kawaida za simu zilibuniwa barani Ulaya katika miaka ya 1980 pamoja na mfumo wa GSM, na ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Tangu mwanzo wabunifu wake waliamua kwamba simu mbili hazitapelekeana meseji moja kwa moja. Kila meseji inakwenda kwanza kwenye mtambo wa kampuni ya simu unaoitwa kituo cha ujumbe. Mtambo huo unaipokea, unaihifadhi, kisha unamtafuta mpokeaji. Akikosekana, unaishikilia na kujaribu tena baadaye.

Ni kama kumtumia ndugu mzigo kwa basi. Unaufikisha ofisi ya basi, karani anaupokea na kukupa risiti, na hapo kazi yako imekwisha. Ndugu yako akichelewa kwenda kuuchukua, mzigo utamsubiri. Lakini wewe mwenyewe ukipotea njia ya kwenda ofisini, au ukafika bila nauli ya mzigo, hakuna kitakachosafiri, hata kama ndugu yako amesimama stendi tangu asubuhi.

Anwani ya ofisi hiyo ni namba ya simu kamili, yenye alama ya jumlisha na msimbo wa nchi: +255 kwa Tanzania, +254 kwa Kenya, +256 kwa Uganda. Imehifadhiwa ndani ya laini, kwa kawaida tangu laini inatengenezwa, ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kuiona. Kila unapobonyeza "Tuma", simu inaisoma namba hiyo na kuibandika juu ya meseji, juu kabisa hata ya namba ya unayemwandikia. Mtandao unaangalia kama namba hiyo ni ya kituo unachokitambua, unaangalia kama akaunti yako ina kitu cha kukata, kisha unaipitisha. Kituo kikishaipokea kinarudisha jibu fupi, na hilo ndilo linalobadilisha "Inatuma" kuwa "Imetumwa". Lisipokuja ndani ya sekunde 40 hivi, simu inakata tamaa, au inajaribu tena yenyewe.

Dalili zinazoelekeza kwenye kituo

Namba ya kituo ikiharibika, dalili zake zinafuata mpangilio fulani. Kupiga na kupokea simu kunaendelea kama kawaida, kwa sababu sauti haipiti kwenye kituo cha ujumbe. Kuangalia salio, ambako kwa Tanzania ni kwa *102#, kunafanya kazi, kwa sababu namba za nyota na reli zina njia yake. Meseji zinaendelea kuingia, zikiwemo zile za miamala ya pesa, kwa sababu namba iliyo kwenye laini yako hutumika unapotuma tu. Anayekuandikia anatumia kituo cha mtandao wake.

Basi ukiona simu inapiga, inapokea na inaingiza meseji, ila haitoi hata moja kwa mtu yeyote, usianze kwa kumshuku mpokeaji wala mnara. Ukiona meseji zinakwenda kwa watu wa mtandao wako lakini zinagoma kwa mitandao mingine, hiyo si kazi ya namba ya kituo, kwa sababu kituo ni kimoja kwa wote. Hapo nenda kwenye salio na masharti ya bando.

Kasi ya kukwama nayo inasema kitu. Namba ya kituo ikiwa na kasoro, au salio likiwa halitoshi, mtandao kwa kawaida unakataa upesi, ndani ya sekunde chache, kwa sababu umeisikia simu yako na umeshaamua. "Inatuma" inayojivuta kwa dakika nzima mara nyingi inaonyesha kuwa simu haijapata jibu lolote: mtandao ni dhaifu, mnara umezidiwa, au simu inasubiri intaneti, jambo nitakalolieleza mbele.

Kisa cha mweka hazina wa kikundi

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA huko Muheza, mkoani Tanga, chenye mradi wa ng'ombe wa maziwa. Kazi yake mojawapo ni kuwakumbusha wanachama 20 siku ya kikao, na hufanya hivyo kwa meseji kupitia kitochi chake, maana si wote wenye simu janja. Wiki moja meseji ziligoma. Fundi wa pale sokoni aliishika simu, akatuma meseji ya majaribio ikakataa, akasema simu imekufa upande wa meseji na inahitaji kufleshiwa kwa shilingi 10,000.

"Mwanangu, simu napiga," aliniambia nilipokwenda kumsalimia. "Pesa zikiingia naona meseji. Iweje ife nusu?"

Swali lake lilikuwa limebeba nusu ya jibu. Simu inayoingiza meseji haijafa upande wa meseji. Tukaangalia salio kwa *102#: bando lilikuwa na SMS za kutosha, na muda wake haujaisha. Kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa kutenganisha simu na laini, ili kujua kasoro iko wapi kati ya hizo mbili. Tukamwomba jirani anayetumia mtandao ule ule atuazime laini yake, tukaiweka kwenye kitochi cha shangazi na kutuma meseji fupi. Ikatoka papo hapo. Kitochi kilikuwa kizima. Kasoro ilikuwa kwenye laini, au kwenye kitu kilichoandikwa ndani yake.

Laini ya jirani ikiwa bado imo kwenye simu, tuliingia sehemu ya meseji, tukafungua mipangilio, tukatafuta panapoandikwa kituo cha ujumbe. Namba ilikuwa inaanza na +255, ikifuatiwa na tarakimu tisa, yaani tarakimu 12 kwa jumla baada ya alama ya jumlisha. Tukainakili kwenye karatasi. Tukarudisha laini ya shangazi na kufungua ukurasa ule ule. Namba ilianza vilevile, ikaendelea vilevile, ila ilikoma kwenye tarakimu ya 11. Ya mwisho haikuwepo. Wajukuu huchezea kitochi kile kila jioni, na kubonyeza kitufe cha kufuta mara moja ukiwa kwenye ukurasa huo, kisha kuhifadhi, kunatosha kabisa.

Tuliongeza tarakimu iliyopotea, tukahifadhi, tukazima simu na kuiwasha. Meseji ya majaribio ikatoka. Hakukuwa na haja ya kufleshi, na kufleshi kusingesaidia, kwa sababu kunafuta na kuandika upya programu ya simu, ilhali namba ile imo ndani ya laini.

Jinsi ya kuiona namba kwenye simu yako

Kwenye vitochi njia ni ile niliyoieleza: meseji, mipangilio, kituo cha ujumbe. Majina yanatofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini ukurasa wenyewe upo kwenye vitochi karibu vyote.

Kwenye simu nyingi za Samsung zenye programu ya meseji ya Samsung, ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo, kisha mipangilio zaidi, kisha ujumbe wa maandishi, na utaikuta. Kwenye simu nyingine za Android, fungua sehemu ya kupigia na uandike:

```
*#*#4636#*#*
```

Ukurasa wa majaribio utafunguka wenyewe bila kubonyeza kitufe cha kupiga. Chagua maelezo ya simu, teremka hadi uone SMSC, kisha ubonyeze kitufe cha kuonyesha upya kilicho kando yake. Kwenye baadhi ya simu namba itatokea ndani ya alama za kunukuu, ikifuatiwa na koma na tarakimu 145. Hiyo 145 si sehemu ya namba. Inauambia mtandao kuwa namba imeandikwa kimataifa, kwa alama ya jumlisha na msimbo wa nchi. Ukikuta 129 mahali pake, namba imehifadhiwa bila alama hiyo, na inafaa kuandikwa upya. Ukurasa huu una vitufe vingine vinavyogusa mawimbi ya simu, kwa hiyo gusa hapo kwenye SMSC tu. Kuna simu ambazo hazifungui ukurasa huu, na nyingine zinakuonyesha namba lakini zinakataa kuibadilisha.

Kwa iPhone, andika hivi kisha ubonyeze kupiga, nayo itakuonyesha namba iliyohifadhiwa:

```
*#5005*7672#
```

Kuiandika upya, msimbo unafuata mpangilio huu, ukiweka namba kamili ya kituo baada ya nyota ya mwisho:

```
**5005*7672*+255XXXXXXXXX#
```

Simu janja ikikataa kuibadilisha, kuna njia ya zamani isiyohitaji utaalamu wowote. Chomoa laini, iweke kwenye kitochi, rekebisha namba kwenye mipangilio ya meseji, hifadhi, kisha uirudishe laini kwenye simu janja. Kwa kuwa namba huandikwa ndani ya laini, marekebisho yatasafiri nayo. Njia hii haiwezekani kwa laini ya eSIM, ambayo haichomoki, na kwa simu chache zinazotumia namba yao wenyewe badala ya kusoma iliyo kwenye laini.

Swali linalobaki ni wapi pa kupata namba iliyo sahihi. Njia ya uhakika ni kuisoma kwenye laini nyingine ya mtandao huo huo inayotuma bila shida, kama tulivyofanya Muheza, au kupiga huduma kwa wateja, ambayo kwa Tanzania ni 100. Usichukue namba ya mtandao mwingine ukidhani itasaidia kwa dharura. Mitandao huangalia namba ya kituo kabla ya kuipokea meseji, na vituo vya wengine hukataliwa. Usichukue pia namba kutoka kwenye orodha ya zamani iliyosambazwa, kwa sababu kampuni hubadilisha mitambo. Na kwa vile namba ya kituo si siri, kuirekebisha hakuhitaji namba yako ya siri ya kutolea pesa. Mtu akikupigia akidai anarekebisha meseji zako na akataka namba hiyo ya siri, kata simu na uiripoti namba yake kwa kuituma kwenda 15040.

Salio: pale SMS moja inapogeuka kuwa tatu

Kisa cha shangazi hakikuishia kwenye ile tarakimu. Binti yake aliye Dar es Salaam alikuwa amemwandalia tangazo la kikao kwenye kompyuta, akalinakili kwenye simu janja na kumtumia. Shangazi akaona amalize kazi: alipeleka lile tangazo mbele kwa wanachama wote 20. Likaenda vizuri kwa 16 wa kwanza. Kwa wa 17 likakwama, kisha likaandika kuwa limeshindikana, na kwa waliomfuata halikutoka kabisa.

Namba ya kituo tulikuwa tumeirekebisha na ilikuwa imeshapitisha meseji 16, kwa hiyo hatukuigusa. Tukarudi kwenye *102#. Kabla ya kuanza, bando lilikuwa na SMS 50. Sasa lilikuwa na sifuri, na salio la kawaida nalo lilikuwa sifuri. Watu 16 walikuwa wamekula SMS 50.

Tangazo lenyewe lilikuwa hili:

"Ndugu mwanachama, kikao cha mradi wa ng’ombe ni Jumamosi saa 9 alasiri kwa mwenyekiti. Tafadhali njoo na mchango wako wa mwezi huu pamoja na daftari."

Ukihesabu herufi, nafasi na alama, yapo 149. SMS moja inabeba hadi 160, kwa hiyo lilitakiwa kuhesabiwa moja. Lakini juu ya kioo cha kitochi, pale panapoonyesha nafasi zilizobaki na idadi ya vipande, palisomeka 3.

Kilichofanya hivyo ni alama moja ndogo ndani ya neno "ng’ombe". Meseji za simu zina orodha fupi ya herufi zake, iliyopangwa ili kila herufi ichukue nafasi ndogo sana, na ndiyo inayowezesha 160 kuenea kwenye SMS moja. Alama ya ritifaa iliyonyooka, ile ya kibodi ya kawaida, imo kwenye orodha hiyo. Ritifaa iliyopinda, ambayo kompyuta huiweka yenyewe unapoandika waraka, haimo. Herufi moja tu isiyo kwenye orodha ikiingia, simu inalazimika kuiandika meseji nzima kwa mfumo mwingine wenye herufi zote za dunia, ambao kila herufi yake inachukua zaidi ya mara mbili ya nafasi ya awali. SMS moja sasa inabeba 70 badala ya 160. Meseji ikizidi hapo inakatwa vipande, na kila kipande kinabaki na 67, kwa sababu sehemu ya nafasi inachukuliwa na maelezo ya kuunganishia. Herufi 149 hazienei kwenye vipande viwili, ambavyo mwisho wake ni 134. Zinahitaji vitatu.

Sasa hesabu inakaa sawa. Watu 16 kwa SMS tatu kila mmoja ni 48. Zikabaki mbili. Kwa mtu wa 17, kituo kilipokea kipande cha kwanza na cha pili, na cha tatu kikakosa cha kukata. Shangazi alilipia vipande viwili, naye mpokeaji hakuweza kusoma tangazo kamili, kwa sababu kipande kimoja hakikufika. Kwa watu watatu waliobaki mtandao ulikataa tangu kipande cha kwanza.

Tuliifuta ile ritifaa na kuiandika upya kwa kitufe cha kitochi. Tarakimu 3 juu ya kioo ikageuka 1 hapo hapo. Shangazi akajiunga na bando dogo, akatuma kwa wanne waliosalia, na SMS nne tu zikatumika. Tangazo lile lile, kwa watu wote 20, lingemaliza SMS 20 kati ya 50.

Waandishi wa Kiswahili tuna sababu ya kuijua alama hii kuliko wengi, kwa sababu ng'ombe, ng'ambo, kung'oa na ng'aring'ari haviandikiki bila ritifaa. Alama za kunukuu zilizopinda, kistari kirefu na kila kikatuni cha uso unaocheka hufanya hivyo hivyo. Kabla ya kutuma tangazo kwa watu wengi, tazama idadi ya vipande. Kwenye simu janja kaunta hiyo mara nyingi hujitokeza meseji inapokaribia kujaa, karibu na kitufe cha kutuma.

Salio lipo, lakini haliguswi

Kuna namna nyingine za salio kukwamisha meseji wakati mwenye simu anaamini analo. Ya kwanza ni bando la ndani ya mtandao. Linaonyesha SMS nyingi, lakini ukimwandikia mtu wa mtandao mwingine halitumiki. Mtandao unageukia salio la kawaida, ukilikuta tupu unakataa. Hii ndiyo sababu ya meseji kwenda kwa baadhi ya watu na kugoma kwa wengine.

Ya pili ni meseji za nje ya nchi. Ndugu aliye Muscat au London kwa kawaida haingii kwenye bando la SMS za mitandao yote, kwa sababu "yote" hapo ina maana ya mitandao ya nchini. Zinakatwa kwenye salio la kawaida, kwa bei yake. Namba fupi za mashindano na huduma za kulipia nazo hukatwa huko huko.

Ya tatu ni muda. Bando la saa 24 linaisha kwa saa, hata kama SMS hazijaisha. Kwa hiyo ukiangalia salio, soma vitu vitatu: idadi iliyobaki, aina ya bando, na saa ya mwisho. Halafu soma salio la kawaida peke yake.

Kipimo chepesi cha kutenganisha salio na kituo ni kuongeza kiasi kidogo kwenye salio la kawaida na kutuma meseji yenye neno moja kwa mtu wa mtandao wako. Ikitoka, namba ya kituo ni nzima, na shida ilikuwa bando au urefu wa meseji. Ikikataa huku salio lipo na simu inapiga, rudi kwenye namba ya kituo.

Zinazofanana na tatizo hili

Kwenye simu janja, si kila kinachoandikwa ndani ya programu ya meseji ni SMS. Programu ya Google Messages ina huduma ya RCS, na iPhone ina iMessage. Zote mbili hupitia intaneti, hazigusi kituo cha ujumbe wala bando la SMS. Ukiwa umewasha huduma hiyo na bando la intaneti likaisha, meseji inaweza kubaki "Inatuma" kwa muda mrefu huku SMS zako zote zikiwa salama. Bonyeza meseji hiyo kwa muda uone kama kuna chaguo la kuituma kama SMS, au zima huduma hiyo kwenye mipangilio. Baadhi ya simu pia hugeuza meseji ndefu, au ya watu wengi kwa pamoja, kuwa MMS, ambayo nayo huhitaji intaneti na mipangilio yake. Meseji fupi kwa mtu mmoja ikitoka na ndefu ikagoma, chunguza hapo.

Simu ya laini mbili inaweza kuwa inatumia laini usiyoikusudia kwa meseji, na salio unaloliangalia likawa la laini nyingine. Na laini ambayo usajili wake una dosari inaweza kufungiwa huduma moja moja. Kwa Tanzania, usajili unauangalia kwa *106#.

Namba za hitilafu

Baadhi ya simu hutaja namba pamoja na maneno ya kushindwa. Namba hizo zina maana zilizowekwa kwenye viwango vya GSM, ingawa kila mtandao una namna yake ya kuzitumia, kwa hiyo zichukue kama kidokezo. Namba 1 maana yake ni kwamba namba iliyotajwa haijagawiwa kwa mtu, na ikitokea kwa kila unayemwandikia, huenda namba inayozungumziwa ni ya kituo. Namba 21 ni meseji kukataliwa, na kukosa salio ni mojawapo ya sababu zake. Namba 38 ni hitilafu ya mtandao wenyewe, na dawa yake ya kwanza ni kusubiri na kujaribu tena. Wanaotuma meseji kwa modemu ya kompyuta hukutana na 330, yaani anwani ya kituo haijulikani, na wanaweza kuisoma iliyohifadhiwa kwa amri hii:

```
AT+CSCA?
```

Ukifika huduma kwa wateja

Baada ya yote hayo, yapo matatizo ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyagusa. Laini inaweza kuwa imezuiwa kutuma meseji kwenye kumbukumbu za kampuni, au huduma ya meseji haikufunguliwa upya baada ya kurudisha laini iliyopotea. Hapo ni lazima upige 100 au uende dukani kwao.

Ukisema tu "meseji haziendi", utaambiwa zima na uwashe simu. Sema hivi badala yake: napiga na kupokea, meseji zinaingia, haziendi kwa mtandao wowote, namba yangu ya kituo ni hii, nimeilinganisha na laini nyingine ya kwenu inayotuma, salio la kawaida lipo, laini nimeijaribu kwenye simu nyingine, na hali ni ile ile. Taja pia saa na dakika ya jaribio la mwisho na namba uliyokuwa ukiiandikia, kwa sababu kumbukumbu za mtandao hutafutwa kwa saa. Kwa maelezo hayo, mhudumu hana tena cha kukuagiza ufanye kwenye simu. Kilichobaki ni yeye kufungua kumbukumbu za laini yako na kuangalia kama ruhusa ya kutuma meseji ipo.